Kadi ya Kliniki Ikifika kwa Skrinishoti

Mama anapiga picha kadi ya kliniki ya mwanawe na kumtumia wifi yake aliye muuguzi. Pengine hatumi picha yenyewe, anatuma skrinishoti ya picha aliyokuwa ameirusha kwa mumewe wiki iliyopita. Swali analoliuliza ni fupi: mtoto ameshapata zipi, na arudi lini? Jibu lake limo kwenye kadi, ila kulipata kunataka macho ya taratibu, kwa sababu skrinishoti ina tarehe nyingi kuliko chanjo zilizotolewa.

Kuna tarehe ya ujumbe iliyoandikwa juu ya picha. Kuna tarehe ya kuzaliwa. Na kuna tarehe za aina mbili ambazo ndizo hasa huwachanganya watu: siku chanjo ilipotolewa, na siku mama aliyoambiwa arudi. Katika kitabu cha mama na mtoto cha Kenya, safu hizo mbili zimekaa bega kwa bega. Picha ikikatwa juu, vichwa vya safu hupotea na zinabaki tarehe tupu. Hapo usiendelee. Omba picha nyingine inayoonyesha kadi kutoka kona hadi kona, na upande wa pili pia.

Tuchukue mtoto wa mfano wa Tanzania, aliyezaliwa 12/01/2025. Ratiba huanza wakati wa kuzaliwa kwa BCG, inayokinga kifua kikuu, pamoja na matone ya polio yanayoitwa dozi sifuri. Inafuata mizunguko mitatu, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Humo mna polio, pentavalenti, yaani sindano moja inayobeba kinga ya donda koo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na bakteria wa Hib, na ya nimonia, ambayo kwenye kadi huandikwa PCV. Rota, ya kuzuia kuhara, huingia katika mizunguko miwili ya kwanza. Surua na rubela hungoja miezi 9, kisha hurudiwa miezi 18.

Katika kadi ya mtoto wetu, BCG na polio sifuri zimeandikwa 14/01/2025. Mzunguko wa kwanza ni 25/02/2025. Kwenye safu ya kurudi muuguzi ameandika 25/03/2025, lakini mama alikuwa safarini, msibani, na mzunguko wa pili ukatolewa 08/04/2025.

Hiyo 08/04 ni Aprili au Agosti? Kwetu siku hutangulia mwezi, lakini shangazi aliyezoea tarehe za Marekani ataisoma kuwa tarehe 4 Agosti. Kadi yenyewe inamjibu: mstari wa juu yake una 25/02, na hakuna mwezi wa 25. Tarehe moja yenye namba inayozidi 12 mwanzoni inatosha kuonyesha mpangilio wa mwandiko huo wote. Moja na saba zikifanana, linganisha na chanjo nyingine za siku ile ile, kisha hesabu siku tangu mzunguko uliotangulia. Zikiwa chini ya 28, rudi uitazame tena, kwani huenda umeisoma vibaya.

Sasa mzunguko wa tatu unaangukia lini? Kwa umri pekee, wiki 14 tangu 12 Januari zinatimia tarehe 20 Aprili. Mtu aliyeichukua tarehe ya ahadi, 25 Machi, kuwa siku ya chanjo, ataongeza wiki 4 na kupata 22 Aprili. Majibu yote mawili si sahihi. Mtoto alipata dozi ya pili tarehe 8 Aprili, na dozi za pentavalenti, polio na PCV zinatakiwa ziachane angalau wiki 4. Kwa hiyo siku ya mapema inayokubalika ni 6 Mei 2025. Mtoto atakuwa na wiki 16 na siku 2. Amechelewa kidogo, lakini haanzi upya. Dozi alizokwisha kupata zinabaki kuhesabiwa hata pengo likiwa refu. Dozi iliyowahishwa sana ndiyo yenye tatizo, kwa sababu mwili haujamaliza kuijenga kinga ya ile iliyotangulia, na huenda ikabidi itolewe tena.

Kuhesabu wiki 4 hakuhitaji chochote zaidi ya kalenda ya simu. Weka kidole kwenye 8 Aprili, Jumanne, ushuke mistari minne: unafika Jumanne ya 6 Mei. Kwa chanjo za miezi hesabu ni nyingine, unafuata tarehe ile ile ya kuzaliwa. Miezi 9 ya mtoto huyu inatimia 12 Oktoba 2025, na 18 inatimia 12 Julai 2026. Siku zote mbili ni Jumapili, hivyo kliniki isipofungua siku hiyo mama ataenda Jumatatu.

Tazama kwamba ule ucheleweshaji wa Aprili haukuisogeza surua hata siku moja. Chanjo hii inafuata umri. Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama, na zikiwa bado nyingi huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Miezi 9 imewekwa ili kuzipa muda wa kupungua. Ndiyo maana sindano ya surua iliyotolewa kabla ya umri huo, kwa mfano kwenye kampeni ya kuzuia mlipuko, haijazi nafasi ya miezi 9. Ukiiona imeandikwa pembeni mwa kadi, iorodheshe peke yake, na ahadi ya miezi 9 ibaki palepale.

Limebaki jambo moja gumu. Katika picha yetu kadi ilikunjwa, na mkunjo umepita juu ya PCV ya pili. Inaonekana alama ya wino tu. Kishawishi ni kuandika 08/04 kwa sababu pentavalenti na polio za mzunguko huo zina tarehe hiyo. Mara nyingi ungekuwa sahihi. Lakini chanjo huisha vituoni, na mtoto anaweza kupata mbili na kuikosa ya tatu siku hiyo hiyo. Kama PCV ilikosekana tarehe 8 Aprili, basi tarehe 6 Mei mtoto atapata PCV ya pili pamoja na pentavalenti ya tatu, na PCV ya tatu itasubiri wiki 4 nyingine, yaani 3 Juni. Kwa hiyo kila chanjo ihesabiwe kwa mstari wake, na mstari usiosomeka uandikwe kuwa haujasomeka. Kituo kilichochanja kina rejesta, na humo ndimo tarehe hiyo itapatikana.

Ujumbe wa kumrudishia mama unaweza kuwa mfupi hivi: “Wifi, BCG na polio sifuri alipata 14/01. Mzunguko wa kwanza 25/02. Wa pili 08/04, ila PCV ya siku hiyo siioni vizuri, waombe waangalie rejesta. Mzunguko wa tatu mpeleke 06/05, usimpeleke kabla ya hapo. Surua ya kwanza 13/10, ya pili 13/07 mwakani. Nenda na kadi yenyewe, picha haitoshi, maana muuguzi anatakiwa aijaze.”