Barua Pepe ya Kuulizia Sababu za Kutoteuliwa kwa Mahojiano

Katika Karatasi ya Kwanza (102/1), swali la kwanza ni la lazima na hutahini uandishi wa kiuamilifu. Barua pepe ni mojawapo ya tungo ambazo mtahiniwa hustahili kujiandaa kuziandika. Soma swali hili:

*Uliomba kazi ya mtunza bohari katika kampuni moja mjini Eldoret lakini hukualikwa kwa mahojiano. Mwandikie afisa wa uajiri barua pepe ukitaka kujua sababu na namna unavyoweza kuuboresha wasifukazi wako.*

Watahiniwa wengi hulijibu swali hili kama barua ya malalamiko. Hueleza walivyosikitika, wakataja jamaa wanaowategemea, kisha wakaomba wafikiriwe upya. Hilo si jibu la swali. Aliyeandika anataka kujua jambo moja ambalo hawezi kulijua peke yake: je, alikosa sifa iliyohitajika, au alikuwa nayo lakini haikuonekana kwenye wasifukazi wake? Kasoro ya kwanza huondolewa kwa masomo au kwa muda zaidi kazini. Ya pili huondolewa kwa kalamu, jioni moja.

Tuseme tangazo la kazi lilitaka stashahada, uzoefu wa miaka miwili katika bohari na ujuzi wa kutumia lahajedwali. Mwombaji wetu aliandika hivi katika wasifukazi wake: "Karani wa stoo, duka la jumla, 2021–2023." Kwake yeye hiyo ni zaidi ya miaka miwili, kwa kuwa alianza Machi 2021 akaondoka mwishoni mwa Juni 2023, yaani miezi 28. Afisa wa uajiri, hata hivyo, haoni miezi. Anachokiona kinaweza kuwa Januari 2021 hadi Desemba 2023, ambayo ni miezi 36, au Desemba 2021 hadi Januari 2023, ambayo ni miezi 14 tu. Akiwa na rundo la maombi mezani, hatampigia kila mtu simu kuuliza. Ataweka alama ya "haijathibitishwa" na kuendelea na anayefuata. Mwombaji aliyetimiza masharti anaachwa nje kwa sababu ya majina mawili ya miezi.

Sasa tazama maswali mawili yanayoweza kuulizwa katika barua pepe. La kwanza: "Kwa nini sikuchaguliwa?" Afisa akilijibu hili itambidi akulinganishe na wenzako, na huenda akahofia kwamba unatafuta ugomvi. Jibu lake litakuwa fupi: waliochaguliwa walikuwa na sifa bora. La pili: "Je, uzoefu wangu haukutimiza miaka miwili, au wasifukazi haukuuonyesha vya kutosha?" Hili linahusu hati yako tu. Mtu anaweza kulijibu kwa sentensi moja bila kumtaja mwombaji mwingine wala kuutetea uamuzi. Hapo ndipo adabu ya barua hii ilipo: katika kumpunguzia mwandikiwa kazi, si katika kurundika maneno ya unyenyekevu.

Wakati wa kuandika pia ni muhimu. Matangazo mengi ya kazi humalizia kwa kusema kwamba watakaoteuliwa pekee ndio watakaojulishwa. Kwa hiyo kimya chenyewe ndicho jibu, lakini huwezi kujua hivyo kabla ya tarehe ya mahojiano kupita. Taja tarehe hiyo ili isionekane kwamba unaharakisha mambo.

Mfano wa jibu

Kutoka: mwombaji@example.com
Kwa: uajiri@example.com
Tarehe: 14 Mei 2024
Saa: 3:20 asubuhi
Mada: KUULIZIA OMBI LA KAZI YA MTUNZA BOHARI
Kiambatisho: wasifukazi.pdf

Kwa Bw./Bi.,

Mnamo tarehe 2 Aprili 2024 nilituma ombi la kazi ya mtunza bohari katika tawi lenu la Eldoret. Kulingana na tangazo lenu, mahojiano yalipangiwa wiki iliyoanza tarehe 6 Mei. Kwa kuwa sikualikwa, naelewa kwamba sikuteuliwa, na ninauheshimu uamuzi huo.

Ningependa kuurekebisha wasifukazi wangu kabla ya kuomba kazi nyingine ya aina hii. Ikiwa utaratibu wenu unaruhusu, naomba unisaidie kwa maswali mawili. Kwanza, je, uzoefu wangu ulionekana kuwa chini ya miaka miwili mliyohitaji, au maelezo yake hayakutosha kuuthibitisha? Pili, ni sehemu gani ya wasifukazi ambayo haikuonyesha wazi sifa mlizozitaja?

Nimeambatisha wasifukazi uleule niliowatumia ili usilazimike kuutafuta. Jibu la sentensi moja au mbili litanifaa sana. Asante kwa muda wako.

Wako mwaminifu,
(Jina lako kamili)
Mwombaji wa kazi ya mtunza bohari

Kumbuka kwamba huu ni mfano mfupi. Katika mtihani utahitaji kuzipanua aya za kati, lakini usizipanue kwa maombolezo. Unaweza kueleza ulivyoonyesha matumizi ya lahajedwali katika wasifukazi na kuuliza kama maelezo hayo yalitosha.

Angalia pia yale ambayo mwandishi ameyaacha. Hakusema kwamba ana miezi 28. Angelisema, barua ingegeuka kuwa rufaa, na afisa angefunga mlango. Miezi hiyo mahali pake ni katika wasifukazi utakaofuata: "Karani wa stoo, Machi 2021 – Juni 2023." Wala hakuambatisha wasifukazi aliokwisha kuurekebisha, kwa sababu maoni kuhusu hati ambayo afisa hakuisoma hayaelezi kilichotokea. Hakuna sanduku la posta upande wa juu kulia, kosa ambalo huwapotezea watahiniwa alama za sura. Vilevile hakuna vifupisho vya ujumbe mfupi wa simu.

Wapo watahiniwa wanaotaja sheria ili kuonyesha maarifa. Ni kweli kwamba Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kwamba Sheria ya Kupata Habari ya 2016 huipa taasisi ya umma siku 21 za kuamua kuhusu ombi la habari. Lakini ombi hilo ni utungo wa aina nyingine. Swali letu linahusu kampuni, na mwandishi anaomba hisani. Ukichanganya hisani na tishio, mtahini ataona kwamba hukuutambua uhusiano wa mwandishi na mwandikiwa.

Jibu likija, lisome kwa makini. "Hatukuweza kubaini muda uliofanya kazi" lina maana kwamba tatizo ni tarehe, nalo hurekebishwa leo. "Waliofaulu walikuwa na uzoefu wa miaka mitano" halitaji kasoro yoyote katika hati yako, kwa hiyo usiuvunjevunje wasifukazi kwa sababu yake. Jibu lisipokuja baada ya wiki mbili, barua ya pili haifai.

Zoezi

Uliomba nafasi ya karani wa mapokezi katika hospitali. Tangazo lilitaka cheti cha kompyuta na ufasaha wa lugha mbili. Wasifukazi wako ulisema tu, "Najua kompyuta na lugha." Mwandikie afisa wa uajiri barua pepe ukimwuliza maswali mawili anayoweza kuyajibu bila kukulinganisha na waombaji wengine.