Fahamu: LoRa au Waifai kwa Kihisi cha Tangi la Mbali

Kihisi cha kina cha maji kilichofungwa kwenye tangi lililo mita 400 kutoka ofisi ya shule, nyuma ya madarasa na miembe, hutuma tarakimu chache tu kila baada ya dakika 15, na hali hiyo ndiyo inayoamua chaguo. Waifai ya gigahezi 2.4 imeundwa kubeba data nyingi kwa umbali mfupi. Kuta na majani mabichi huyadhoofisha mawimbi yake, hivyo kihisi hujaribu tena na tena kujiunga na mtandao na kumaliza betri. Dalili za udhaifu huo ni vipimo vinavyokosekana, pamoja na nguvu ya mawimbi inayosomeka chini ya -80 dBm, kwani kadiri namba hiyo inavyoshuka ndivyo mawimbi yanavyozidi kuwa hafifu.

LoRa ni mbinu ya redio inayotandaza ujumbe mfupi polepole, kiasi kwamba kipokezi huutambua hata ukiwa dhaifu kuliko kelele zinazouzunguka. Vifaa vingi vyake hutumia masafa ya karibu megahezi 868, ambayo hupenya vizuizi vizuri zaidi, na kihisi kinacholala kati ya vipimo chaweza kutumia betri moja kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, LoRa huhitaji kipokezi chake ofisini, wala haiwezi kubeba video.

Kwa hiyo LoRa ndiyo inayolifaa tangi hilo. Lakini kama pangehitajika kamera, na umeme ukawepo, waifai yenye antena mbili zinazoelekezana bila kizuizi ndiyo ingefaa.