Ndoa, Uhamisho na Akaunti ya Benki: Kipi Kibadilishwe Kwanza

Mwanamke aliyeolewa karibuni hufika tawi la benki na cheti chake cha ndoa, akitaka akaunti isomeke jina la mume. Mhudumu anakisoma cheti, anaomba namba ya kitambulisho cha taifa, anaiingiza kwenye kompyuta, kisha anamweleza kwamba jina haliwezi kubadilishwa siku hiyo. Cheti hakina kasoro. Kinachokwama ni jina lililotokea kwenye skrini: kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, bado zinamtambua kwa jina la ukoo wa baba yake.

Benki za Tanzania hutakiwa na sheria za kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu kumjua mteja wao na kuhakiki utambulisho wake. Kwa raia, uhakiki huo siku hizi unapitia namba ya NIDA yenye tarakimu 20 na alama za vidole. Hivyo jina la akaunti hufuata jina lililoko NIDA, na cheti cha ndoa hueleza tu kwa nini jina linabadilika. Anayelielewa hilo hupanga safari zake kwa utaratibu tofauti kabisa na ule ambao wengi huanza nao.

Chukua mfano wa muuguzi wa hospitali binafsi jijini Tanga. Ameolewa, anahamia Mwanza alikopata kazi hospitali nyingine, na akaunti yake ya mshahara alifungulia Tanga. Ana mambo matatu ya kubadilisha: namba ya simu, anwani na jina. Kishawishi ni kusubiri karatasi zote zikamilike ili ayamalize yote kwa siku moja. Kufanya hivyo kunamweka hatarini, kwa sababu jina linaweza kusubiri miezi, lakini simu haiwezi.

Namba ya simu iliyoandikwa benki ndiyo inayopokea ujumbe wa kila muamala na namba za siri za mara moja za kuthibitisha malipo. Ndiyo pia inayofungua menyu ya benki kwenye simu. Muuguzi akinunua laini mpya Mwanza na kuitelekeza ile ya Tanga, laini ya zamani isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na mtandao, na namba hiyo huweza kuuzwa upya kwa mtu mwingine. Kuanzia hapo ujumbe wa benki yake unaingia kwenye simu ya mgeni. Si lazima mgeni huyo awe mwizi. Inatosha kwamba anaona salio la mtu asiyemjua, na kwamba mwenye akaunti hapati taarifa fedha zinapotoka.

Kwa hiyo simu hutangulia. Anaingia tawi lolote la benki yake, hata la Mwanza, kwa kuwa akaunti ya siku hizi haifungwi kwenye tawi ilikofunguliwa. Anabeba kitambulisho chenye jina lake la zamani, ambalo bado ndilo jina la akaunti, pamoja na simu yenye laini mpya. Anajaza fomu ya kubadili taarifa za mteja, anatia sahihi ileile aliyoitumia kufungua akaunti, na vidole vyake vinahakikiwa. Laini mpya nayo iwe imesajiliwa kwa namba yake ya NIDA, si ya mume wala ya mdogo wake. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Mei 2019, kila laini ina mwenyewe anayejulikana, na mtu anaweza kupiga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Laini ya zamani ibaki hai mpaka ujumbe wa kwanza wa benki utakapoingia kwenye ile mpya.

Kama shida yake ni mtandao kushika vibaya huko alikohamia, huenda hahitaji namba mpya hata kidogo. Tangu mwaka 2017 mteja wa simu Tanzania anaweza kuhama mtandao na kubaki na namba yake. Hapo benki haina namba ya kubadilisha, ingawa anapaswa kuuliza kama menyu ya benki itahitaji kusajiliwa upya. Benki nyingi huisimamisha huduma hiyo kwa muda kila zinapogundua kadi ya laini imebadilishwa, ili kumzuia tapeli aliyejirudishia laini ya mtu kwa hila.

Tahadhari moja inahusu wanaopiga simu. Benki haibadilishi namba ya mteja kwa maelekezo ya mtu anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, tena akaomba namba ya siri ili “akamilishe uhamisho”. Anayeulizwa hivyo akate simu, kisha apige namba iliyochapwa nyuma ya kadi yake.

Anwani ndiyo nyepesi kuliko zote, na inaweza kumalizwa siku ileile ya simu. Kwa miaka mingi sanduku la posta la mwajiri au la shule lilitosha. Baada ya kazi ya kuweka anwani za makazi iliyofanyika mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, nyumba nyingi zina namba, barabara zina majina, na kila kata ina postikodi ya tarakimu 5. Muuguzi anaweza kuisoma anwani yake kwenye kibao cha nyumba au kuitafuta kwenye programu ya simu ya NaPA. Uthibitisho unaokubalika kwa urahisi zaidi ni barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, yenye mhuri na picha yake. Mkataba wa pango nao hukubaliwa na baadhi ya benki, mradi una jina lake mwenyewe. Wanandoa wapya hukwama hapo mara nyingi, kwa kuwa mkataba na bili ya maji vina jina la mume. Barua ya serikali ya mtaa huwaondolea tatizo hilo, maana humtaja mkazi mwenyewe bila kujali nyumba ni ya nani.

Limebaki jina, na hapa swali la kwanza ni kama kuna haja ya kulibadilisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Wanawake wengi Waislamu, pwani na visiwani, hubaki na majina ya baba na babu zao maisha yote, na ndoa zao hazipungukiwi chochote mbele ya sheria. Anayebaki na jina lake hana haja ya kuomba mabadiliko ya jina popote. Anachoweza kurekebisha ni hali ya ndoa na jina la mtu wa karibu kwenye fomu ya benki.

Muuguzi wetu ameamua kubadilisha jina la tatu. Kwake karatasi mbili huchanganywa sana. Hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya wakili au hakimu, hueleza kwamba majina mawili tofauti ni ya mtu mmoja. Husaidia pale cheti cha kuzaliwa kinaposoma Zuhura na cheti cha shule kinaposoma Zuhra. Hati ya kubadili jina hufanya jambo kubwa zaidi: mhusika anatamka kwamba ameacha jina la zamani na kuanzia sasa atatumia jipya, kisha hati hiyo inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Anayepeleka kiapo mahali panapotakiwa hati ya kubadili jina hurudishwa, hata kama wakili wake amepiga mihuri yote.

Akiwa na hati iliyosajiliwa, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha sasa, anakwenda ofisi ya NIDA ya wilaya kujaza fomu ya kurekebisha taarifa. Abebe nakala na vyeti halisi pia, na aulize mapema ada pamoja na orodha ya karatasi za ofisi hiyo. Kabla ya kutoka nyumbani avilaze vyeti vyote mezani na kulinganisha herufi kwa herufi. Jina la mume likiwa na “h” kwenye cheti cha ndoa na likakosa “h” kwenye hati ya kubadili jina, kosa hilo litamfuata mpaka benki.

Namba yake ya NIDA haibadiliki. Jina linabadilika juu ya namba ileile, na ndiyo maana historia yake ya mikopo, namba ya mlipa kodi na michango yake ya NSSF haipotei. Hatakiwi kuomba kitambulisho kingine kama mtu mpya. Kujisajili mara mbili ni kosa, na mfumo huunasa udanganyifu huo kwa vidole.

Jina jipya likishaonekana NIDA, anakwenda duka la mtandao wake wa simu laini isomeke upya, kisha anarudi benki. Safari hii anabeba kitambulisho, cheti cha ndoa, hati ya kubadili jina na picha ndogo. Kama sahihi yake ya zamani ilikuwa na jina la ukoo, aweke na sahihi mpya siku hiyohiyo. Namba ya akaunti inabaki ileile, kadi ya ATM inachapwa upya, na kitabu cha hundi cha zamani kinarudishwa.

Siku ya kufanya hivyo ina maana yake. Mwajiri hupeleka benki orodha ya mishahara yenye jina na namba ya akaunti kwa kila mfanyakazi. Vitu hivyo viwili vikipishana, malipo yanaweza kuzuiwa au kurudishwa. Muuguzi afanye mabadiliko mara tu mshahara wa mwezi unapoingia, aombe barua ya benki inayothibitisha jina jipya na namba ileile, na aipeleke kwa mhasibu wa hospitali kabla orodha inayofuata haijaandaliwa. Nakala ya barua hiyo humsaidia pia NSSF na Mamlaka ya Mapato. Kama ana hundi iliyoandikwa kwa jina la zamani, aiweke kwenye akaunti kabla ya mabadiliko.

Kujua kama kazi imekamilika ni rahisi. Mtu mwingine aanze kumtumia fedha kidogo, mara moja kwenda kwenye simu yake na mara nyingine kwenda kwenye akaunti, na asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina likisomeka jipya upande wa akaunti na la zamani upande wa simu, safari iliyobaki ni ya duka la mtandao. Likiwa la zamani kote kuwili ilhali kitambulisho kipya kiko mkononi, arudi tawini na nakala ya fomu yenye mhuri wa kupokelewa, na aulize ombi limekwama kwenye hatua gani.