Kabla ya Kuruka, Ajue Kutua

Msichana wa miaka 13 anayejiandaa kwa UMITASHUMTA akiruka vizuri, walimu wengi hutazama amefika wapi. Anayetaka kulinda magoti yake hutazama anavyotua.

Katika umri huo mifupa bado inarefuka. Karibu na ncha zake kuna gegedu laini, na kano kubwa inayotoka kwenye pia ya goti imejishika kwenye sehemu ya mfupa wa muundi ambayo haijakomaa. Kila kishindo huivuta. Vishindo vikizidi kabla mwili haujazoea, kinundu cha chini ya goti huvimba na kuuma. Madaktari hukiita hali hiyo Osgudi-Shlata.

Ndiyo maana mpango wake wa wiki 8 unaanza bila kuruka juu kabisa. Wiki 2 za kwanza, mara 2 kwa wiki, anashuka kutoka kwenye kipandio cha sentimita 20 hivi na kutua kwa miguu miwili juu ya nyasi, si kwenye saruji. Anabaki ametulia kwa sekunde 3. Anarudia mara 5, anapumzika, na kufanya mizunguko 3.

Mwalimu asimame mbele yake. Magoti yaelekee vidole vya miguu; yakiingia ndani na kukaribiana, hapo pana kasoro. Kisha asikilize: kishindo kikubwa maana yake miguu imekakamaa na goti halikunji vya kutosha. Zoezi likiharibika mara 2 mfululizo, siku hiyo linaishia hapo.

Wiki ya 3 na ya 4 anaruka papo hapo, kisha mbele kidogo, akisimama baada ya kila mruko. Wiki ya 5 na ya 6 anaunganisha miruko 3 bila kusimama, lakini idadi yote ya kutua haizidi 60 kwa siku ya mazoezi. Mguu mmoja unaingia wiki ya 7, na idadi inashushwa, kwa sababu sasa mguu huo unabeba uzito wote peke yake. Kushuka kutoka juu na kuruka tena papo hapo kunasubiri mwakani au baadaye.

Kalenda hiyo haimlazimishi mtu. Apimwe urefu kila mwezi. Akiongezeka karibu sentimita 1 kwa mwezi, abaki hatua aliyopo, maana miguu imerefuka haraka kuliko misuli ilivyozoea kuiongoza. Asubuhi ya kesho yake aulizwe kama goti au kisigino kinauma. Kikiuma, arudi hatua moja nyuma. Akichechemea, goti likivimba au maumivu yakimwamsha usiku, mazoezi yasimame na aonwe na daktari.

Mwalimu asiye na muda wa wiki hizo 2 za kutua tu, asimpe mtoto mazoezi ya kuruka.