Dripu ya Haraka na Namba 1: Namna ya Kusoma Matokeo ya Utafiti wa Tiba

Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitalini akiwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu alitakiwa kuongezewa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Hakuna aliyekuwa amepima vilivyo kama dripu hiyo huokoa maisha katika hospitali za Afrika. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Profesa Kathryn Maitland katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ndilo lililopima.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa dripu ya haraka ya albumini, la pili dripu ya haraka ya maji ya chumvi, na la tatu halikupewa dripu ya haraka. Wenye kuharisha na utapiamlo mkali hawakuhusishwa, kwa hiyo matokeo haya si yao.

Januari 2011 usajili ulisimamishwa mapema. Katika saa 48 za kwanza, kati ya watoto 2,097 waliopewa dripu ya haraka walikuwa wamefariki 221, yaani asilimia 10.5. Kati ya 1,044 ambao hawakupewa, walifariki 76, asilimia 7.3. Gawanya asilimia ya kwanza kwa ya pili, upate takriban 1.45: hatari ya kifo ilikuwa kubwa kwa asilimia 45 upande wa dripu ya haraka.

Lakini hao ni watoto waliobahatika kuingia jaribioni. Wangekuja wengine wa aina ileile, hesabu ingetoka tofauti kidogo. Ndiyo maana ripoti haikuishia kwenye 1.45, bali iliongeza upeo wa makadirio wa asilimia 95: kuanzia 1.13 hadi 1.86. Asilimia 95 hiyo ni sifa ya njia ya kukokotoa. Jaribio likirudiwa mara nyingi kwa njia ileile, takriban mara 95 katika kila 100 upeo unaopatikana utaukumbatia uwiano wa kweli.

Sasa itafutwe namba 1. Uwiano wa 1 maana yake makundi mawili yana hatari sawa, hakuna tofauti. Upeo wa 1.13 hadi 1.86 wote uko juu ya 1. Hata mpaka wake wa chini, ulio mwepesi kuliko yote, bado unaonyesha madhara. (Matokeo yakitolewa kwa kutoa badala ya kugawanya, namba ya kutafuta ni 0. Hapa tofauti ilikuwa pointi 3.3 za asilimia, upeo 1.2 hadi 5.3.)

Thamani ya p ilikuwa 0.003. Tuseme dripu ya haraka haibadilishi lolote: tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza kwa bahati tu kama mara 3 katika majaribio 1,000. Wengi huigeuza kauli hii wakasema kuna uwezekano wa 3 kwa 1,000 kwamba matokeo ni ya uongo. Sivyo. Hesabu ya p inaanza kwa kukubali kwamba tofauti haipo, kwa hiyo haiwezi yenyewe kutuambia uwezekano wa kwamba haipo. Wala haisemi madhara ni makubwa kiasi gani. Hilo husomwa kwenye upeo.

Albumini ilipolinganishwa na maji ya chumvi, uwiano ulikuwa 1.01, upeo 0.78 hadi 1.29, p 0.96. Hapa upeo umevuka 1. Haifuati kwamba imethibitishwa vimiminika hivyo viwili ni sawa kwa asilimia 96. Takwimu hizi zinapatana na albumini kupunguza vifo kwa asilimia 22, na zinapatana pia na kuviongeza kwa asilimia 29. Kinachoweza kusemwa ni kwamba tofauti kubwa kuliko hizo haielekei kuwepo.

Hatari ya kusoma p peke yake inaonekana zaidi kwenye kundi dogo la pembeni, la watoto 29 walioshuka mno shinikizo la damu. Walifariki 9 kati ya 13 waliopewa albumini, na 9 kati ya 16 waliopewa maji ya chumvi. Uwiano ni 1.23, p 0.45, na upeo unatoka 0.70 hadi 2.16. Anayetazama p tu atasema “hakuna tofauti”, kama alivyosema kwa 0.96. Ila upeo huu unaruhusu vifo kupungua kwa asilimia 30 au kuongezeka zaidi ya maradufu. Watoto 29 hawatoshi kuamua. Na kwa kuwa wote hao walipewa dripu ya haraka, jaribio halikuweza kusema kama watoto wa hali hiyo wangenufaika kwa kutopewa. Swali lao lilibaki wazi.