Upinde wa Mvua Maradufu: Kwa Nini Rangi Hugeuka na Anga Katikati Huwa na Giza

Jioni ambapo jua linaangaza magharibi na mvua ingali ikinyesha mashariki, mara nyingine tunaona pinde mbili za mvua, mmoja juu ya mwingine. Ule wa chini hung'aa na una rangi nyekundu ukingoni mwa nje. Ule wa juu umefifia, na wekundu wake uko ndani. Hivyo pinde hizo zimeelekezana wekundu kwa wekundu, na kati yake umelala ukanda wa anga lenye giza kuliko pande zote. Watu wengi hudhani upinde wa juu ni kivuli cha ule wa chini, kama sura iliyo kiooni. Sivyo. Kila upinde una matone yake na njia yake ya mwanga.

Aliyeifumbua njia hiyo huko Ulaya alikuwa mtawa Mdominiko, Teodoriki wa Freiberg, mwanzoni mwa karne ya 14. Alichukua chombo cha kioo cha mviringo, akakijaza maji, akakitazama kana kwamba ni tone moja kubwa la mvua. Aliona kwamba mwale wa jua hupinda unapoingia ndani ya tone, huakisiwa ukutani kwa ndani, kisha hupinda tena unapotoka. Mwale ukiakisiwa mara moja, hufanya upinde wa kwanza. Ukiakisiwa mara mbili, hufanya wa pili. Katika zama zizo hizo, huko Uajemi, mwanazuoni Kamal al-Din al-Farisi alifikia jibu hilohilo bila wao kujuana.

Sasa tuone jinsi rangi zinavyogeuka. Kitovu cha pinde zote mbili ni mahali palipo kinyume kabisa na jua, yaani pale kinapoangukia kivuli cha kichwa cha mtazamaji. Mwale uliogeuzwa nyuzi 180 hurudi moja kwa moja ulikotoka, nasi huuona kitovuni hapo. Katika upinde wa kwanza, mwanga mwekundu hugeuzwa karibu nyuzi 138. Umebakiza nyuzi 42 kukamilisha mgeuko huo, basi huonekana nyuzi 42 kutoka kitovuni. Urujuani hupindwa zaidi na maji, hugeuzwa karibu nyuzi 139 na nusu, hivyo umebakiza pungufu, nao hukaa ndani, karibu zaidi na kitovu.

Katika upinde wa pili, mwakisiko wa ziada huuzungusha mwale hata ukapita nyuzi 180. Mwekundu hugeuzwa karibu nyuzi 230, yaani umepitiliza kwa nyuzi 50. Urujuani, kwa kuwa hupindwa zaidi, hupitiliza kwa karibu nyuzi 53 na nusu. Ni kama watu wawili wanaogeuka kutazama nyuma: kabla ya kufika, anayegeuka zaidi ndiye aliye karibu, wakishapita, anayegeuka zaidi ndiye aliye mbali. Tabia ya maji haikubadilika. Kilichobadilika ni upande wa kitovu ambako mwale umeishia.

Na giza je? Mwaka 1637 Descartes alichapisha hesabu za miale mingi iingiayo katika tone mahali mbalimbali. Miale iliyoakisiwa mara moja hurudi popote kati ya kitovu na nyuzi 42, haivuki hapo, na husongamana kwenye mpaka huo. Ndiyo maana ndani ya upinde wa kwanza anga huwa jeupe: rangi zote zimechanganyika humo. Miale iliyoakisiwa mara mbili huanzia nyuzi 50 na kwenda nje. Kati ya 42 na 50, basi, matone hayatuletei mwanga wa aina yoyote kati ya hizo mbili. Mvua inanyesha hapo pia, lakini mwanga wake unakwenda kwingine. Giza hilo si kamili, kwa sababu mawingu bado hutuletea mwanga kidogo. Ukanda huo huitwa kwa jina la Aleksanda wa Afrodisia, aliyeueleza yapata mwaka 200.

Tuchukue mfano. Jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, kitovu kiko nyuzi 10 chini ya upeo. Kilele cha upinde wa kwanza kitakuwa nyuzi 32 juu, na wekundu wa upinde wa pili utaanzia nyuzi 40. Ngumi iliyonyooshwa mbele kwa mkono wote hufunika karibu nyuzi 10. Ukanda wa giza, basi, ni mwembamba kidogo kuliko ngumi. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42, upinde wa kwanza huzama chini ya upeo, wala aliyesimama uwandani hauoni tena angani. Ndiyo sababu adhuhuri, jua likiwa karibu na utosi, hatuuoni.