Saa Sita Usiku, Kompyuta Zote Zinapoamka Pamoja

Duka likishafungwa jioni, kazi ya mauzo ya siku hiyo haijaisha. Usiku kuna programu itakayokusanya hesabu na kuzituma makao makuu, nyingine itatengeneza nakala rudufu, nyingine itafuta mafaili yaliyopitwa na wakati. Hakuna mtu anayekesha kuzianzisha. Zimeandikiwa ratiba, na saa yake ikifika kila moja huanza yenyewe.

Kwenye seva nyingi anayeshika ratiba hiyo ni programu iitwayo `cron`, ambayo imo katika mfumo wa Unix tangu miaka ya 1970. Kila kazi hupewa mstari mmoja, na mstari huanza na nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki. Mtu anayetaka kazi ifanyike kila siku huandika hivi:

```
0 0 * * * /opt/mauzo/tuma.sh
```

Dakika ya sifuri, saa ya sifuri: yaani saa sita kamili usiku. Hata ukiandika kifupisho cha `@daily`, `cron` hukisoma hivyo hivyo. Mwandishi wa mstari huu kwa kawaida hakukaa akaona kwamba saa sita ndiyo saa bora. Alitaka tu kazi ifanyike mara moja kwa siku, akaandika namba zinazomjia mtu yeyote kwanza. Mwenzake wa idara nyingine alifanya vivyo hivyo, na wa tatu vilevile. Basi kazi zisizojuana hata kidogo hujikuta zimegonga mlango mmoja katika sekunde moja.

Tuchukue kampuni ya kufikirika yenye maduka 240. Kila duka lina kompyuta ndogo inayotuma mauzo ya siku kwenye hifadhidata moja ya PostgreSQL iliyoko makao makuu. Ikiwa peke yake, kompyuta ya duka moja humaliza kutuma kwa sekunde 90. PostgreSQL, kama haijabadilishwa mipangilio yake ya awali, hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na michache kati ya hiyo imetengwa kwa ajili ya msimamizi.

Saa sita inapogonga, kompyuta 240 zinaomba kuingia pamoja. Chini ya mia moja zinapata nafasi. Zilizobaki zinarudishwa mlangoni, na ukifungua kumbukumbu za hifadhidata asubuhi utakuta mstari huu umejirudia ukurasa kwa ukurasa:

```
FATAL: sorry, too many clients already
```

Zilizoingia nazo hazina raha. Zinagombania diski ileile na kichakataji kilekile, kwa hiyo kazi ya sekunde 90 inachukua dakika nyingi, na baadhi zinakatwa njiani kwa kupitisha muda zilioruhusiwa. Kisha inakuja sehemu inayoumiza zaidi. Programu ya dukani imeagizwa kwamba ikishindwa, isubiri sekunde 60 ijaribu tena. Kwa kuwa zote zilikataliwa karibu sekunde ileile, zote zinarudi karibu sekunde ileile. Saa sita na dakika moja kuna wimbi la pili, na saa sita na dakika mbili la tatu. Seva haipati nafasi ya kupumua mpaka idadi ya walioshindwa ipungue yenyewe.

Asubuhi meneja anaambiwa kwamba hesabu za maduka kadhaa hazikufika, na pendekezo la kwanza mezani ni kununua seva kubwa zaidi. Kabla ya kutoa fedha, tupige hesabu. Maduka 240 kwa dakika moja na nusu kila moja ni dakika 360 za kazi kwa jumla. Tukiyapa nafasi ya saa mbili badala ya sekunde moja, yaani dakika 120, wastani wa maduka yanayotuma kwa wakati mmoja ni 360 gawanya kwa 120, sawa na matatu. Hata kama kila duka linachagua wakati wake kwa bahati nasibu, kuna dakika yatakutana sita au saba, na ni nadra sana kufika kumi. Seva iliyozidiwa na maduka 240 ina uwezo wa kuyahudumia yote bila kutoka jasho. Haikuwa ndogo. Ilipangiwa vibaya.

Tatizo hili hujificha kwa sababu watu hutazama wastani. Mchoro wa matumizi ya seva wenye nukta moja kwa kila saa utaonyesha usiku mtulivu. Uchore mchoro huohuo kwa nukta moja kila sekunde kumi, na sindano itasimama wima penye 00:00. Mara nyingi utaona pia sindano fupi mwanzoni mwa kila saa na kila nusu saa, kwa sababu tabia ya kupenda namba zilizo kamili haiishii usiku wa manane. Ili kujua nani anahusika, amri ya `crontab -l` huorodhesha ratiba za mtumiaji mmoja, na `systemctl list-timers` huorodhesha zile zinazoshikwa na systemd, ambayo leo ndiyo msimamizi wa kazi katika matoleo mengi ya Linux.

Dawa ni kutawanya nyakati za kuanza. Jaribio la kwanza la watu wengi ni kutawanya kwa mkono: hii saa sita na dakika tano, ile na dakika kumi, nyingine na robo. Kwa kazi sita inatosha. Kwa kazi 240 haitoshi, kwa maana mkono wa mtu hurudi kwenye tano, kumi, robo na nusu, na baada ya mwaka mmoja kuna vilele vinne mahali palipokuwa na kimoja.

Njia ya pili ni kuiambia kila kompyuta isubiri kidogo, kwa muda wa kubahatisha, kabla ya kuanza. Wengi huandika `sleep $((RANDOM % 3600))` ndani ya mstari wa `cron` wakaenda kulala. Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, alama ya `%` ndani ya `crontab` ina maana yake ya pekee: `cron` huikata amri hapo, na kilichobaki hukifanya maandishi ya kulisha programu. Pili, kwa kawaida `cron` hutumia `/bin/sh`, na kwenye Debian na Ubuntu hiyo ni `dash`, isiyojua `RANDOM` ni nini. Ukiiweka amri hiyo ndani ya skripti inayoendeshwa na `dash`, hutaona kosa lolote. `RANDOM` itahesabiwa kuwa sifuri, kila kompyuta itasubiri sekunde sifuri, na zote zitaanza pamoja kama jana, huku mhusika akiamini ameshamaliza tatizo.

Kubahatisha kwenyewe kuna kasoro nyingine. Duka lililotuma saa sita na dakika mbili leo laweza kutuma saa nane kasoro dakika moja kesho. Anayefuatilia hitilafu hajui aitegemee lini, na pengo kati ya tuma moja na nyingine hubadilika kila usiku. Ndiyo maana mafundi wengi hupendelea muda unaotawanyika baina ya mashine lakini usiobadilika kwa mashine moja. Siri yake ni kulipitisha jina la mashine kwenye hesabu inayotoa namba ileile kila mara kwa jina lilelile:

```
N=$(hostname | cksum | cut -d' ' -f1)
sleep $((N % 7200))
```

`cksum` hugeuza jina kuwa namba kubwa, na baki baada ya kuigawa kwa 7200 ni sekunde kati ya 0 na 7199, yaani mahali fulani ndani ya saa mbili. Duka moja likiangukia dakika ya 37, litabaki dakika ya 37 kila usiku. Jenkins, programu inayotumiwa sana kuendesha kazi za wasanidi, ina wazo hilohilo: ukiandika `H H * * *` badala ya `0 0 * * *`, herufi `H` huchaguliwa thamani kutokana na jina la kazi.

Kwenye systemd hakuna haja hata ya skripti:

```
[Timer]
OnCalendar=daily
RandomizedDelaySec=2h
FixedRandomDelay=true
Persistent=true
```

Mstari wa pili unatoa dirisha la saa mbili, na wa tatu unaufanya muda wa kila mashine usibadilike. Wa nne unaagiza kwamba kazi iliyopitwa na wakati mashine ikiwa imezimwa ifanyike mara inapowaka. Hilo lina uzito kwa maduka ya mtaa mmoja yanayokatikiwa umeme pamoja: umeme ukirudi yote huwaka pamoja, na bila dirisha lile yangeivamia seva mchana kweupe. Systemd huiheshimu `RandomizedDelaySec` hata katika kazi hizo za kufidia.

Njia hizi mbili zina adui mmoja. Fundi akitengeneza kompyuta moja ya mfano kisha akainakili mara 240, akasahau kubadilisha jina na kitambulisho kilichomo kwenye `/etc/machine-id`, hesabu itatoa namba ileile kote. Msongamano utarudi, safari hii katika dakika ambayo hakuna aliyeitarajia. Ukiona sindano imehama kutoka 00:00 na kusimama wima penye 00:53, anza kuchunguza hapo.

Kuna pingamizi la wahasibu ambalo ni la haki: siku ya hesabu huishia saa sita, sasa kuchelewa kwa saa nzima hakutavuruga? Kutavuruga ikiwa programu imeandikwa itume «mauzo yote mpaka sasa». Hakutavuruga ikiwa imeandikwa itume mauzo yote yenye tarehe ya jana. Saa ya kufunga siku na saa ya kuanza kutuma ni vitu viwili, na vikishatenganishwa, dirisha halibadilishi shilingi hata moja. Liwekwe tu baada ya saa sita, kamwe lisiwekwe kabla yake. Vilevile ripoti ya jumla isiendelee kuanza saa sita na nusu kwa mazoea. Duka la mwisho laweza kuanza saa nane usiku, kwa hiyo ripoti ihesabu kwanza kama maduka yote 240 yamefika, ndipo ijumlishe.

Angalia pia ni saa sita ya wapi. Seva nyingi za kukodi hufuata saa za UTC, na saa sita usiku ya UTC ni saa tisa usiku Nairobi na Dar es Salaam. Dirisha la saa mbili linaloanzia hapo huishia saa kumi na moja alfajiri. Kwa duka la nguo hakuna neno, lakini mwenye kiwanda cha mikate huwa ameshaanza kuuza.

Linalobaki ni zile sekunde 60 za kujaribu tena. Nazo zitawanywe: jaribio la pili baada ya muda wa kubahatisha kati ya dakika moja na mbili, la tatu kati ya mbili na nne, na kuendelea hivyo, ili walioshindwa pamoja wasirudi pamoja. Kampuni yetu ikifanya hayo, mchoro wa usiku utaonyesha miunganisho mitatu, mara sita, mara miwili, kuanzia saa sita hadi saa nane na dakika chache. Ripoti itatoka saa tisa, muda mrefu kabla meneja hajaamka. Na kila ombi jipya la kazi ya usiku likija, mpangaji asimuulize mwombaji anataka ianze saa ngapi, kwa sababu atajibiwa saa sita. Amuulize ni lazima iwe imekwisha saa ngapi, kisha aiachie mashine ichague dakika yake.